Siagi ya karanga imekwama TBS kwa sababu ya sumukuvu: maabara moja ilisema 3, sasa ripoti inasema 17. Tufanyeje?

Bint Kongwa (mwanzisha uzi)

Habari zenu wakuu. Naomba msaada kwa aliyewahi kupita njia hii ya kuomba alama ya ubora ya TBS kwa bidhaa ya chakula.

Sisi ni kikundi cha wanawake, tunasaga siagi ya karanga pembeni kidogo ya mji wa Dodoma. Tunatumia nyumba ya kupanga ambayo tumeigeuza kuwa sehemu ya uzalishaji. Tunapakia kwenye kopo la gramu 400. Jina la biashara lipo BRELA, TIN ipo, barua ya utambulisho tulipewa na SIDO, maombi tukayapeleka TBS ofisi ya Kanda ya Kati. Mkaguzi alikuja, akakagua jengo, akachagua makopo mwenyewe kwenye stoo, akayafunga kwa lakiri na kuondoka nayo. Kwenye jengo alituandikia mambo ya kurekebisha, mengi tumeshayafanya.

Tatizo ni majibu ya maabara. Bakteria hakuna shida, Salmonella haikuonekana, chumvi na mafuta viko sawa. Sumukuvu ndiyo imetuangusha: jumla ya aina zake zote 17.4 na aina ya B1 peke yake 12.8. Kikomo kwenye ripoti ni 10 kwa jumla na 5 kwa B1, vyote ni mikrogramu kwa kilo.

Kinachonichanganya ni hiki. Kabla ya kuomba tulipeleka sampuli kwenye maabara nyingine kwa fedha zetu, tukapata 3.1. Karanga ni zilezile, tumenunua kwa watu walewale. Sasa nani mkweli? Na je, naweza kupeleka ile ripoti ya 3.1 TBS wakaitumia? Kuna wenzangu kwenye kikundi wameanza kukata tamaa, wanasema turudi kuuza bila alama kwa majirani.

Mzee wa Kibaigwa

Pole binti. Mimi ni mfanyabiashara wa nafaka na karanga, nimezishika gunia kwa magunia. Tatizo lenu naliona hapo kwenye kukaanga. Akina mama wengi wanakaanga nusu nusu ili siagi iwe nyeupe na ya kupendeza. Kaangeni mpaka iive kabisa, iwe kahawia, sumukuvu itakufa. Ule ni ukungu, na ukungu hauvumilii moto.

Pia nijuavyo, mambo ya chakula yanaanzia TFDA, wakishakupa kibali ndipo unakwenda TBS. Huenda mmeruka hatua.

Mpimaji

Mzee wangu heshima yako, ila hapo kuna mambo mawili ya kurekebisha kabla dada hajapoteza karanga.

La TFDA lilikuwa kweli zamani. Mwaka 2019 sheria ilibadilishwa, kazi za chakula na vipodozi zikahamia TBS, na TFDA ikabaki na dawa na vifaa tiba kwa jina la TMDA. Kwa hiyo usajili wa jengo la chakula na leseni ya alama vyote viko TBS. Hajaruka kitu.

La kukaanga ni nusu ya ukweli. Moto unaua ukungu, sawa kabisa. Lakini sumu si ukungu wenyewe, ni kitu ambacho ukungu umekwishakiacha ndani ya punje. Sumu hiyo huanza kuvunjika vizuri kwenye joto la zaidi ya nyuzi 230, na karanga ya siagi unaikaanga kwenye nyuzi 150 hivi, ukipanda sana 160. Kwa hiyo kukaanga kunapunguza kiasi fulani, hakumalizi. Ukikaanga mpaka nyuzi 230 utapata mkaa, hakuna mteja atakayekula.

Dada Bint Kongwa, nimefanya kazi maabara na baadaye udhibiti ubora kiwandani, nitakujibu kwa kirefu jioni. Kwa sasa niambie: ile sampuli ya 3.1 mlipeleka nini hasa? Siagi au karanga? Ya bechi gani? Na nani aliichukua?

Sabuni Moro

Wakuu na mimi nipo kwenye foleni ya TBS. Natengeneza sabuni ya maji. Hiyo sumukuvu wanapima na kwenye sabuni? Maana mafuta yangu mengine yanatokana na mawese na nazi.

Mama Pilipili Tanga

@Sabuni Moro hapana kaka, hiyo ni ya chakula. Kila bidhaa ina kiwango chake na vipimo vyake. Kabla hujapeleka maombi nunua nakala ya kiwango cha bidhaa yako TBS, usome, ndiyo utajua watapima nini. Fungua uzi wako hapa, kuna watu wa sabuni wengi watakusaidia.

Bint Kongwa

@Mpimaji tulipeleka karanga mbichi, kama kilo moja. Alichukua mwenzetu kutoka kwenye gunia lililokuwa limefunguliwa. Siagi aliyochukua mkaguzi ilitengenezwa baadaye kwa magunia mengine ya mzigo uleule. Bechi namba ipo kwenye kopo lakini, niseme tu, ile namba ni tarehe ya kusaga, basi.

Mpimaji

Ahsante, sasa picha imekamilika. Maabara zote mbili zinaweza kuwa zimesema kweli.

Sumukuvu haisambai sawasawa kwenye gunia. Punje nyingi sana huwa safi kabisa, na chache huwa zimebeba sumu ya kutisha. Imeshapimwa kwamba punje moja mbovu inaweza kuwa na zaidi ya miligramu 1 ya sumu kwa kila gramu yake. Fanya hesabu: punje ya nusu gramu yenye kiwango hicho imebeba mikrogramu 500. Isage pamoja na kilo 25 za karanga safi isiyo na kitu, utapata mikrogramu 20 kwa kilo. Punje moja tu, na kilo 25 zote zimevuka kikomo mara mbili.

Sasa mwenzako alichota kilo moja juu ya gunia moja. Uwezekano wa kuikuta ile punje ni mdogo, kwa hiyo akapata 3.1, na maabara ikapima ilicholetewa. Ninyi mliposaga, mashine ikaitafuta ile punje kwa niaba yenu na kuipaka kwenye makopo yote. TBS wakapima kopo, wakapata 17.4. Ndiyo maana ripoti ya karanga mbichi haiwezi kusimama badala ya ripoti ya siagi, na hata ingekuwa ya siagi, kwa ajili ya leseni wanatumia sampuli aliyoichukua mkaguzi mwenyewe na kuiwekea lakiri. Sampuli uliyojipelekea ni ya kujifunza wewe.

Kwa hiyo usipambane na ripoti. Pambana na karanga.

Nianze mahali zinapotoka. Unaponunua karanga zilizokwisha kubanguliwa, muulize muuzaji zilibanguliwaje. Sehemu nyingi wakulima wanalowesha maganda kwa maji ili vidole visiumie wakati wa kubangua, wengine wanamwagia maji ili uzito upande. Karanga iliyokuwa salama inalowa, inafungwa kwenye gunia, inakaa stoo, na ukungu unapata kila kitu unachohitaji. Karanga iliyobanguliwa inatakiwa iwe na unyevu usiozidi asilimia 7. Iliyoloweshwa inapita hapo kwa mbali. Kama mnaweza, nunueni zikiwa na maganda, mkabangue wenyewe zikiwa kavu kwa mashine ya mkono.

Halafu kuchambua. Hapa ndipo mtakapoishusha hiyo 17, na ndipo watu wengi wanapofanya kwa haraka. Chambueni mara mbili. Mara ya kwanza zikiwa mbichi, kwenye meza nyeupe yenye mwanga: toa zilizosinyaa, zilizotobolewa na wadudu, zilizovunjika, zilizoanza kuota, zenye ukungu unaoonekana. Mara ya pili baada ya kukaanga na kutoa maganda mekundu. Ganda likitoka utaziona punje ambazo kwa nje zilikuwa nzuri, ndani zina rangi ya kijivu, njano iliyokolea au doa jeusi kwenye kiini. Hizo ndizo zinazopita mara ya kwanza. Wengi wanachambua mara moja tu, mbichi, halafu wanasaga na maganda yake.

Na msiwalipe wachambuaji kwa kilo. Ukimlipa mtu kwa kilo unamwambia aharakishe. Mlipe kwa siku, umpe na mapumziko ya macho.

Mzee wa Kibaigwa

Mpimaji nimekuelewa kwenye hilo la moto, nashukuru. La kulowesha ni kweli tupu, na sisi wafanyabiashara tunaliona. Ukizipokea asubuhi gunia lina uzito, ukikaa nalo wiki limepungua na linanuka vumbi bichi. Wengine wetu tunakataa, wengine wanachukua kwa sababu bei iko chini.

Ila kuna njia rahisi ya kupima unyevu bila mashine. Unachukua chupa kavu, unatia chumvi kavu, unatia karanga, unatikisa. Chumvi ikiganda kwenye chupa, karanga hiyo haijakauka, usinunue.

Mpimaji

Mzee, hiyo ya chumvi ni nzuri kwa mahindi. Chumvi huanza kuganda unyevu ukiwa kwenye asilimia 15 hivi. Kwa karanga tunahitaji kujua kama imepita 7. Ikiwa na 10 chumvi itaanguka safi kabisa chini ya chupa na wewe utadhani iko sawa, kumbe ukungu unakua. Kwa hiyo chumvi ikiganda kataa, lakini isipoganda bado hujajua kitu. Kipima unyevu cha mkono chenye mpangilio wa karanga ndicho kitakachokuambia, na kikundi kinaweza kuchangia na vikundi vingine kununua kimoja.

Swaleh Kisauni

Salaam kutoka Mombasa. Huku kwetu mambo ni yayo hayo, shirika ni KEBS tu. Mwaka 2019 KEBS ilizuia chapa kadhaa za siagi ya karanga kwa ajili ya hii sumu, na hizo hazikuwa za akina mama wa mtaani, ni viwanda vyenye mashine na mabango barabarani. Alama walikuwa nayo kitambo. Kwa hivyo dada usione haya, hili jambo huwapata wakubwa.

Nina duka la jumla, hununua bidhaa za Tanzania. Swali langu: wakipata TBS, mzigo utapita Lunga Lunga bila kupimwa tena? Nasikia Afrika Mashariki alama ni moja.

Mpimaji

Swaleh, alama si moja, kila nchi ina yake. Kilichopo ni sheria ya Jumuiya ya mwaka 2006 ya viwango na upimaji, inayotaka nchi zitambuane alama zao, na viwango vya vyakula vingi vimeoanishwa, ndiyo maana 10 na 5 ni zilezile Nairobi na Dodoma. Kwa karatasi, bidhaa yenye alama halali ya TBS haitakiwi kupimwa upya. Lakini unakumbuka Machi 2021 Kenya ilivyozuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hoja ya sumukuvu, kisha ikafungua kwa masharti ya cheti. Mpakani mzigo wa karanga unatazamwa kwa jicho la pekee. Mwambie muuzaji aambatanishe ripoti ya bechi husika.

Swaleh Kisauni

Hiyo ndiyo shida. Nimewahi kushikiliwa mzigo ulio na alama, nikaambiwa ungoje maabara. Sheria waijua, lakini lori limesimama na dereva ataka hela ya chakula. Sijui kama ripoti ya bechi itasaidia, nitajaribu.

Mama Pilipili Tanga

Niongezee upande wa ukaguzi wa jengo, maana Bint Kongwa amesema mengi ameyafanya, na "mengi" si yote.

Mimi natengeneza pilipili ya kusaga na achari. Alama ninayo, nimeshahuisha zaidi ya mara moja. Mkaguzi wangu wa kwanza alikuwa mama mmoja mtulivu sana. Nilijiandaa kwa vigae, nyavu za madirisha, makoti meupe, kofia, sehemu ya kunawia mikono mlangoni, taa zenye vifuniko ili balbu ikipasuka vioo visiingie kwenye chakula. Vyeti vya afya vya wafanyakazi nilivibandika ukutani. Aliangalia vyote kwa dakika chache. Kisha akachukua chupa moja kwenye rafu, akaigeuza, akasoma namba, akaniambia, "Nionyeshe pilipili za chupa hii zilitoka kwa nani, zilipokelewa lini, aliyezisaga ni nani, na chupa wenzake ziko wapi."

Hapo ndipo tulipokaa mpaka mchana. Daftari langu la manunuzi lilikuwa la fedha tu, halikuwa na namba inayounganisha mzigo na chupa. Akaeleza bila ukali: chupa ikileta madhara sokoni, utarudisha zipi na kuacha zipi? Usipojua, utarudisha zote.

Kwa hiyo Bint Kongwa, ile namba yako ya tarehe ya kusaga haikutoshi. Siku moja mnaweza kusaga karanga za watu wawili.

Jambo lingine ni njia ya bidhaa. Karanga mbichi na siagi iliyoiva zisipishane mlango mmoja. Kwangu choo kilikuwa kinafungukia korido ya uzalishaji, nikahamisha mlango. Hilo liliniuma kwa gharama kuliko vigae.

Bint Kongwa

Mama Pilipili umenigusa. Kwetu mkaguzi aliandika kwamba karanga mbichi na makopo yaliyojaa vinakaa chumba kimoja, na magunia yako chini sakafuni. Tumeweka chaga, tumeyasogeza mbali na ukuta. Chumba cha pili bado, mwenye nyumba anasita kuturuhusu kutoboa mlango.

Na lebo nayo ilirudishwa. Tulikuwa tumeandika "huongeza maziwa kwa mama anayenyonyesha" na "haina kemikali". Tuliambiwa tutoe yote mawili, tuandike viambato kuanzia kilicho kingi, uzito halisi, anwani, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi, bechi, namna ya kuhifadhi, na tahadhari kwamba ina karanga. Hilo la maziwa wateja wetu walilipenda sana.

Mpimaji

Walilipenda, lakini huwezi kulithibitisha, na lebo ya chakula haitakiwi kuahidi tiba. Hasara ya lebo kurudishwa mnaweza kuikwepa: msichapishe lebo nyingi kabla ya leseni. Na msiweke alama ya TBS kwenye lebo hata kwa "maandalizi". Kutumia alama kabla ya leseni ni kosa kisheria, na kopo moja likikutwa dukani linaharibu maombi yote.

Sasa rudi kwenye sumukuvu, nikupe namna ya kufanya kabla ya kuomba sampuli ichukuliwe tena.

Chukueni mzigo mmoja, tuseme kilo 100, kutoka kwa muuzaji mmoja. Kila gunia lichomwe kwa bambo, kile chuma cha kuchotea sampuli, juu, katikati na chini, msiangalie juu tu. Pimeni unyevu. Ukizidi 7, mrudishieni. Ukiwa sawa, chambueni mara ya kwanza, pimeni uzito wa takataka, andikeni. Kaangeni, toeni maganda, chambueni mara ya pili, pimeni tena, andikeni.

Sageni zote kama bechi moja, muiweke siagi kwenye ndoo safi zilizofungwa. Usipakie kwenye makopo bado. Chota mwanzo wa kusaga, katikati na mwisho, changanya vizuri, upeleke nusu kilo maabara. Siagi imekwisha kuchanganyika kwa hiyo sampuli ndogo inatosha, tofauti na punje nzima ambapo ungehitaji kuchukua kilo nyingi na kuzisaga zote kwanza. Kwa mizigo mikubwa ya kwenda Ulaya sampuli ya karanga hufika kilo 20 kwa sababu hiyohiyo. Majibu yakija chini ya 10 na B1 chini ya 5, pakia. Yakizidi, bechi hiyo haitoki.

Na msijaribu kuchanganya bechi mbovu na nzuri ili wastani ushuke. Mnapunguza namba na kusambaza sumu.

Kijana wa Veyula

Samahani, mimi ni mhasibu wa kikundi kingine. Mkitupa karanga kwa kuchambua mara mbili, bei haiwaui? Na zile mlizotoa mnapeleka wapi? Sisi tunamuuzia jirani mwenye kuku.

Mpimaji

Hesabu ya bei ni hii. Chukulia karanga ni shilingi 3,000 kwa kilo. Kwa kilo 100 mnatoa 6 zikiwa mbichi na 4 baada ya kukaanga. Ukiacha upungufu wa maji na maganda, ambao ungekuwepo hata usipochambua, mmebaki na kilo 90 kwa ile 300,000 mliyolipa. Kilo imepanda kutoka 3,000 hadi 3,333. Kwa kopo la gramu 400 ni kama shilingi 130 za nyongeza. Ongeza mshahara wa wachambuaji na gharama ya kipimo ukiigawa kwa makopo zaidi ya 200. Ndiyo maana nasema bechi iwe kubwa, bechi ya kilo 15 kipimo kitaila faida yote.

Za jirani mwenye kuku, acheni. Mmeichambua sumu na kuikusanya mahali pamoja, kisha mnamlisha kuku nayo. Kuku wanadumaa, bata ndio hufa kabisa, na sumu inaweza kumfikia mlaji. Chomeni au fukieni, na muandike kwenye daftari kwamba mmefanya hivyo. Mkaguzi ataliuliza.

Mzee wa Kibaigwa

Hapa tutofautiane kidogo. Kuchoma kilo 10 kila bechi, mwanakijiji hatakuelewa. Wapo wanaozikamua mafuta na mafuta yakisafishwa kiwandani sumu inabaki kwenye mashudu. Kwa nini asiuze kwa mkamuaji?

Mpimaji

Kwa mafuta yanayosafishwa kiwandani una hoja, sumu hutolewa wakati wa kusafisha. Lakini mkamuaji wa mtaani hasafishi, anachuja tu. Na mashudu yenye sumu yote yanaishia kwa ng'ombe wa maziwa, maziwa nayo yanabeba. Ukimjua mkamuaji mwenye mtambo wa kusafisha na asiyeuza mashudu kwa wafugaji, sawa. Mimi simjui wa karibu na Dodoma.

Mzee wa Kibaigwa

Nitauliza sokoni.

Bint Kongwa

Narudi na mrejesho wakuu.

Tulinunua karanga zenye maganda kutoka kwa wakulima wawili wa Kongwa, tukaziweka mbali mbali, tukabangua kavu. Tuliazima kipima unyevu kwa kikundi kingine: mzigo wa kwanza ulisoma 6.2, wa pili 8.9. Wa pili tuliuanika tena kwenye turubai ukashuka, lakini tumeamua tusiutumie kwa bechi hii.

Kuchambua mara ya pili ndiko kumenifungua macho. Mara ya kwanza tulitoa kilo 5 na kidogo. Baada ya maganda kutoka, mwenzetu mmoja alianza kupasua punje katikati kwa kidole, tukakuta zenye weusi katikati ambazo kwa nje zilikuwa zimenona. Tulitoa karibu kilo 4 nyingine. Siagi yenyewe imekuwa na rangi moja, ile ya zamani ilikuwa na vidoti.

Majibu ya kipimo chetu wenyewe yamekuja: jumla 3.8, B1 2.1. Tumeandikia TBS barua ya marekebisho, tumeambatanisha daftari jipya na ripoti, tumeomba waje kuchukua sampuli upya. Mwenye nyumba amekubali mlango, fundi anaanza wiki ijayo.

Maswali yangu mawili yaliyobaki. Kipimo cha marudio, je, kinabaki kwenye ule mpango wa wajasiriamali wadogo unaolipiwa na fedha za serikali, au tunalipa wenyewe? Na tuna wazo la kutoa siagi yenye asali, leseni moja itatosha?

Mama Pilipili Tanga

La malipo, mimi wakati wangu marudio nililipia. Shoga yangu wa Korogwe hakulipa. Sijui tofauti yetu ilikuwa nini, muulize afisa wa SIDO akuandikie jibu, usitegemee la mdomo.

Mpimaji

La asali: leseni inatolewa kwa bidhaa, chapa na eneo la uzalishaji. Siagi ya asali ina viambato vingine, hesabu kwamba utaomba upya. Na mkihama nyumba hiyo, ukaguzi unafanyika upya, hata kama mashine na watu ni walewale. Kwa hiyo kabla fundi hajatoboa ukuta, pateni mkataba wa pango wa muda mrefu ulioandikwa.

Kwenye daftari, kila bechi iwe na ukurasa wake: jina la mkulima na kijiji, tarehe ya kupokea, unyevu, uzito ulioingia, uzito uliotolewa mara ya kwanza na ya pili na ulivyoteketezwa, aliyekaanga, aliyesaga, idadi ya makopo, majibu ya kipimo, na makopo yameuzwa kwa nani. Bakizeni makopo mawili ya kila bechi stoo mpaka tarehe ya mwisho wa matumizi ipite. Leseni inahuishwa kila mwaka, na katikati ya mwaka wanaweza kununua kopo lenu dukani na kulipima bila ninyi kujua. Likizidi, lile kopo mlilobakiza ndilo litakalowasaidia kujua kama tatizo lilitoka kwenu au lilianzia dukani.

Bint Kongwa

Nimeandika yote. Mkataba wa pango ni wa miezi sita tu, kesho naanza nao huo kabla ya fundi.

Sabuni Moro

Nimefungua uzi wangu wa sabuni kama alivyonishauri Mama Pilipili. Ila swali la namba ya bechi nimelichukua hapa, maana na mimi naandika tarehe tu.